Maradhi au umbali: udhuru wa aina mbili kwa asiyeweza kufika msibani

Katika ukoo wetu mimi ndiye ninayeshika daftari la rambirambi. Ni kaunta buku ya kawaida, iliyopigwa mistari kwa rula ili kupata nafasi nne: jina, anakotoka, kiasi alichotoa, na maelezo. Katika nafasi hiyo ya mwisho ndimo ninamoandika maneno mawili, “ametuma udhuru”, kwa kila aliyeshindwa kufika akatuarifu. Jioni ya siku inayofuata mazishi, wafiwa wanapokaa kulipitia daftari, nimeona mara nyingi kidole kikipita haraka juu ya fedha kisha kikasimama kwenye maelezo, na mtu akauliza, “Huyu alisemaje?” Hapo hufungua simu na kuwasomea. Kwa kuwasomea huko nimejua ni ujumbe gani unaomfanya mjane aitikie “Mungu ambariki”, na ni upi unaomfanya ageuze uso bila kusema neno.

Udhuru ambao wafiwa huupokea bila mjadala ni wa aina mbili, yaani maradhi na umbali. Watu wengi huuandika kwa namna moja, wakidhani kwamba kwa kuwa matokeo ni yale yale, maneno nayo yatakuwa yale yale. Sivyo. Umbali unajieleza wenyewe, kwa sababu kila mtu anajua Maskati iko wapi na Unguja iko wapi. Maradhi hayajielezi. Yanamlazimu mgonjwa aseme kiasi fulani cha siri yake, na kiasi hicho ndicho kinachowashinda wengi: wapo wanaosema kidogo mno wakaonekana wanakwepa, na wapo wanaosema mengi mno wakamtwisha mfiwa mzigo wa pili. Nitaziweka aina hizi mbili bega kwa bega kwa kutumia misiba miwili niliyoiona kwa karibu, ili anayeandika leo ajue ujumbe wake ufuate njia ipi.

Msiba wa kwanza ulikuwa Marangu, kwenye familia ya Kilutheri. Mjomba alifariki Jumanne, na mazishi yakapangwa Jumamosi katika kihamba chake, yaani shamba la nyumbani. Mpwa wake mmoja anaishi Kigamboni na ni mgonjwa wa figo. Husafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila mara kwa saa zipatazo nne. Ugumu wa udhuru wake uko kwenye kalenda. Mtu yeyote anayejua ratiba yake anaweza kuhesabu kwamba akitoka hospitali Ijumaa mchana, akapanda gari la usiku, atakuwa Marangu alfajiri, atazika, na atarudi Jumapili kabla ya zamu yake ya Jumatatu. Ndugu waliokesha wakisubiri mwili hufanya hesabu za namna hiyo. Ujumbe wa mgonjwa unapaswa kuijibu hesabu hiyo kwa sentensi moja, kabla haijawa manung’uniko jikoni.

Alinionyesha maandishi yake ya kwanza akaomba nimpe maoni. Alikuwa ameandika hivi: “Mama, samahani sana sana, nisamehe, sitaweza kuja kumzika Mjomba. Figo zangu zote mbili zimekufa, nimechoka mno, sijui kama mwaka huu nitaumaliza. Niombeeni.” Hakuna uongo ndani yake, lakini mjane angeusoma akiwa hajala tangu Jumanne na angeanza kulia upya, safari hii kwa ajili ya mpwa. Marehemu ametajwa mara moja tu, tena kama kitu ambacho mwandishi ameshindwa kukizika. Msamaha umeombwa mara mbili kana kwamba kuugua ni kosa. Nikamwambia aufute wote na kuanza na Mjomba mwenyewe. Baada ya kukaa kimya kwa muda, aliniletea huu:

“Mama, shikamoo. Pole sana kwa kuondokewa na Mjomba. Ndiye aliyenipokea stendi ya Moshi nilipokuja kuanza kidato cha kwanza, akanibebea sanduku langu la bati mpaka kwenye gari la Marangu, na kwa miaka yote minne hakuniacha nirudi likizo Dar es Salaam bila mkungu wa ndizi. Jumamosi sitaweza kuwapo kaburini. Ninasafishwa damu hadi Ijumaa mchana, na daktari amenikataza safari ndefu siku hiyo kwa sababu presha yangu hushuka kila ninapomaliza. Mke wangu yuko nami na hali yangu ni ile ile ya siku zote, kwa hiyo nakuomba usiongeze wasiwasi juu ya huzuni uliyo nayo. Mwanangu wa kwanza anaondoka Alhamisi asubuhi. Atasimama badala yangu, atachimba kaburi na vijana wenzake, na hataondoka mpaka mtakapoanua matanga. Mwezi wa pili, nikishapangiwa nafasi ya kusafishwa huko Moshi, nitakuja kwako nikae siku tatu. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Jina la Bwana na libarikiwe.”

Tazama jinsi ugonjwa ulivyopewa nafasi. Umechukua sentensi moja ya ukweli na sentensi moja ya kumtuliza mfiwa, basi. Jina la matibabu limetajwa wazi kwa sababu “kusafishwa damu” ni neno ambalo kila familia sasa inalielewa, na halihitaji cheti. Sababu ya kutosafiri imetolewa kwa umbo la katazo la daktari, jambo linalofunga ile hesabu ya gari la usiku bila kubishana na mtu. Kuna watu ambao maradhi yao hayatajiki kirahisi, na hao hawalazimiki kuyataja. Inatosha kuandika “nimelazwa” au “niko kwenye matibabu ambayo daktari haniruhusu kuyakatiza”, mradi atajwe ndugu mmoja anayeijua hali hiyo na anayeweza kuthibitisha akiulizwa. Kinachoumiza ni “sijisikii vizuri, tuko pamoja.” Wafiwa hulisoma neno hilo kama mlango uliosukumwa polepole usoni mwao.

Na hapa niseme jambo ambalo nimelishuhudia zaidi ya mara moja. Mtu mzima asijitungie ugonjwa. Kwetu kumjulia hali mgonjwa ni wajibu, na matanga yakishaanuliwa, wazee wawili au watatu walio mjini hupita kwa kila aliyesema anaumwa, wakiwa na matunda mkononi. Wakimkuta anapaka rangi ukuta wa nyumba yake, udhuru wake unakuwa habari ya ukoo kwa miaka mingi, na siku atakapougua kweli hakuna atakayeuamini.

Msiba wa pili ulikuwa Unguja, mjini, mwishoni mwa mwezi wa nne. Mume wa dada yetu alifariki asubuhi, na maziko yakawa siku ile ile baada ya sala ya alasiri. Ndugu wa huyo mjane, mtoto wa mama mdogo, anaishi Maskati na alipata habari saa tano ya huko. Hakuna ndege ambayo ingemfikisha. Kila aliyekuwa kwenye mkeka alilijua hilo, kwa hiyo udhuru wa kutozika haukumhitaji kujitetea hata kidogo. Katika desturi ya Kiislamu ya kuharakisha maziko, aliye mbali hatarajiwi kaburini. Anachotarajiwa ni dua, na kuhani atakapoweza. Ujumbe wake uliingia kwenye simu ya kaka wa mjane kabla ya jeneza kutoka, ukasomewa mjane ndani:

“Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwenyezi Mungu amghufirie Shemeji, amuweke pamoja na waja wake wema, na akupe wewe na watoto subira. Habari imenifika maziko yakiwa yamebakiwa na saa chache, nami sitawahi kumuaga mtu ambaye kila nilipokuja Unguja alitoka mwenyewe kunifungulia mlango, na ambaye hakukubali hata siku moja mgeni wake ale peke yake. Leo baada ya magharibi watamsalia sala ya ghaibu msikitini kwetu, na siku ya hitima nasi tutamsomea huku. Likizo yangu inaanza katikati ya mwezi wa saba. Nitakuja kukuhani ukiwa bado ndani ya eda, inshallah, na nitakaa nawe wiki nzima. Usijisumbue kunijibu.”

Ukiulinganisha na ule wa Kigamboni utaona kwamba umbali umechukua nusu ya sentensi, na haukuombewa radhi. Nafasi iliyobaki imekwenda kwenye mambo mawili ambayo mtu wa mbali anaweza kuyafanya papo hapo alipo. La kwanza ni sala ya ghaibu, ambayo wafuasi wa madhehebu ya Shafii, nao ndio wengi katika pwani yetu, wanaikubali kwa maiti aliye mji mwingine. Baadhi ya madhehebu mengine hayaikubali, kwa hiyo anayewaandikia jamaa wa madhehebu tofauti aseme tu kwamba atamuombea dua. La pili ni siku ya kurudi. Mjane hukaa eda kwa muda wa miezi minne na siku kumi, na kwa kuipanga safari ndani ya muda huo, mwandishi alikuwa na uhakika kwamba atamkuta dada yake nyumbani, tena wakati ambao watu wa siku tatu za kwanza wameshaondoka na nyumba imekuwa kimya. Na wanazuoni wa Shafii wanaosema kwamba taazia ni siku tatu humtoa katika hukumu hiyo aliyekuwa mbali. Huyo huhani atakaporejea. Aliye Maskati, Dubai au London ana mlango wake katika fikihi, na ujumbe wake unaweza kuutumia bila kuona haya.

Hatari ya udhuru wa umbali iko kwingine, nayo ni fedha. Mgonjwa akisema hawezi kusafiri hakuna anayefikiria nauli. Aliye ughaibuni akisema hawezi kufika, wapo watakaofikiria nauli tu, hasa pale ambapo mazishi yamesogezwa siku tano au sita, kama ilivyo kawaida kwa familia nyingi za Kikristo za bara zinazosubiri watoto walio nje. Hapo kuandika “ni mbali” hakutoshi, kwa kuwa umbali huo huo kaka yake wa Minnesota ameshauvuka. Kama sababu ni karatasi za ukaazi, kazi isiyotoa ruhusa au nauli yenyewe, ni heshima zaidi kuitaja kwa kifupi kwa mtu mmoja, yule anayesimamia msiba, na kwa wengine ikabaki “sitaweza kufika.” Kaka mkubwa akishaijua sababu ya kweli, yeye ndiye atakayeikinga barazani.

Hilo linanifikisha kwenye swali la nani atumiwe na kwa njia gani, ambalo naliona zito kuliko maneno yenyewe. Kundi la WhatsApp la msiba ndilo njia rahisi kuliko zote na ndilo baya kuliko zote kwa udhuru wa ndugu wa karibu. Humo ujumbe wako unaingia kati ya hesabu ya turubai na picha ya risiti ya mchele, na baada ya dakika kumi umeshasukumwa juu na “poleni sana” arobaini. Tena unamlazimisha mgonjwa atangaze figo zake mbele ya watu mia mbili. Simu ya sauti ni tofauti: kwa mtoto, ndugu wa tumbo moja, mkwe na mpwa aliyelelewa nyumbani, simu ni lazima, na ujumbe mtupu kutoka kwao huhesabiwa kuwa dharau hata ukiandikwa kwa wino wa dhahabu. Lakini simu hiyo ipigwe kwa anayesimamia, iwe fupi, na iulize kama mfiwa anaweza kushika. Nimemwona mjane akipewa simu kumi na saba kabla ya saa nne asubuhi, na kwa kila moja anarudia kifo tangu mwanzo kwa sababu aliye upande wa pili ameuliza, “Kwani alikuwa anaumwa nini?” Ujumbe wa maandishi haumdai chochote. Unaweza kusomwa siku ya tatu, unaweza kusomwa mara mbili, na ndiyo sababu ninawashauri hata wanaopiga simu wauandike pia. Kwa bibi asiyesoma, ujumbe wa sauti wa dakika moja ni bora kuliko vyote viwili. Sauti ya mjukuu ikisema “shikamoo Bibi” huchezwa tena na tena.

Mwakilishi ndiye anayekamilisha udhuru wa mgonjwa, na hapa mgonjwa amemzidi wa mbali, kwa sababu mara nyingi ana mtu nyumbani wa kumtuma. Kijana wa Kigamboni alipofika Marangu alimwendea mjane akiwa na jani la sale mkononi, ambalo kwa Wachaga ni ishara ya kuombea radhi, akasema, “Baba amenituma.” Hakuongeza neno. Yule mama alilipokea jani akaliweka mapajani, na kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena kwa nini mpwa hakuja. Aliye mbali asiye na mwakilishi anaweza kuomba ujumbe wake usomwe katika nafasi ya salamu za rambirambi, lakini awahi: katika mazishi ya kanisani ratiba huchapwa siku moja au mbili kabla, na msemaji wa ukoo hawezi kuingiza salamu ndefu dakika ya mwisho. Kwa kusomwa hadharani ujumbe uwe wa sentensi nne au tano, na maelezo ya ugonjwa yaondolewe kabisa.

Fedha ziende peke yake. Usiandike “sitaweza kufika ila nimetuma laki moja”, kwa kuwa ile “ila” inaifanya rambirambi ionekane faini ya kutofika. Tuma kwa mtunza fedha wa msiba, ongeza na ya kutolea, kisha umwandikie yeye peke yake jina litakaloingia kwenye daftari. Hili la jina ninalisisitiza kwa uchungu, kwa sababu pesa ya simu huja na jina la aliyesajili laini. Mara nyingi nimeandika jina la mtu nisiyemjua, la shemeji wa mtu au la mwenye nyumba, na mwenye fedha akahesabiwa miongoni mwa wasiotoa mpaka miezi ilipopita. Katika visiwa na pwani mchango huu huitwa ubani, na nao huenda bila kelele.

Imebaki lugha ya dini, ambayo huharibika zaidi pale watu wanaponakili ujumbe wa mtu mwingine. “Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi” limekuwa neno la kila msiba, lakini Walutheri na Wapentekoste wengi hawamuombei aliyekufa, na mchungaji akilisikia likisomwa kaburini hukunja uso, kwao andika “Bwana awafariji.” Kwa Wakatoliki “raha ya milele umpe, ee Bwana” ni mahali pake. Mkristo anayemwandikia Mwislamu anaweza kuandika “Mwenyezi Mungu amrehemu na awape subira” bila kuvaa maneno ya Kiarabu asiyoyazoea, na Mwislamu anayeandikia nyumba ya Kikristo akisema “Mungu awatie nguvu” amesema la kutosha.

Neno la kupima mara mbili kabla ya kulituma ni ile ahadi ya kuja. Imeandikwa katika jumbe zote mbili nilizozitoa hapo juu, na ndiyo iliyozifanya zisomeke kama kuchelewa badala ya kutokuja. Lakini “nitakuja nikipata nafasi” si ahadi, na wafiwa wanajua. Taja mwezi. Kama hali yako hairuhusi hata mwezi, usiahidi safari, ahidi simu siku ya arobaini, uipige. Mpwa wa Kigamboni hakufika mwezi wa pili, kwa sababu hospitali ya Moshi haikuwa na nafasi katika wiki aliyoomba. Kabla mwezi huo haujaisha aliandika tena: “Mama, shikamoo. Nilisema ningekuja mwezi huu. Sijapata nafasi ya kusafishwa huko mpaka mwezi wa tatu, tarehe 9, na hiyo wameshaniandika. Nikuletee nini kutoka Dar?” Mjane alimjibu kwa neno moja, “Samaki.” Alifika tarehe 8 jioni.